Nyungu, tangawizi, mafuta ya mnanaa au chale: dawa ipi ya asili inafaa kichwa kikiuma, na ipi iachwe

Mtu akiumwa kichwa nyumbani, swali la kwanza huwa ni majani gani yatafutwe. Mkaratusi au mpera? Mchaichai au kivumbasi? Kwa maumivu ya kichwa, swali hilo lina uzito mdogo kuliko linavyodhaniwa. Majani mengi yanayochemshwa majumbani Tanzania na Kenya hayana nguvu kubwa ya kuponya kichwa, wala hayana nguvu kubwa ya kudhuru. Kinachotenganisha dawa isiyo na neno na ile inayomlaza mtu hospitali ni njia inayopitia: mvuke, kinywa, ngozi, pua au damu. Maji ya moto yanaunguza hata kama hayana jani ndani. Moshi wa mkaa unatia sumu hata kama chungu kina mchaichai mtupu. Wembe unaambukiza hata kama kinachosuguliwa kwenye chale ni majivu tu. Ndiyo maana ulinganisho huu unafuata njia, na kila njia inapimwa kwa mambo mawili: inasaidia kichwa cha aina gani, na inaharibika wapi.

Kichwa gani hasa?

Dawa ikichaguliwa kabla ya kichwa kutambuliwa, hata dawa nzuri hushindwa. Vichwa vitatu ndivyo vinavyoletwa mara nyingi kwenye nyungu na majani.

Kuna kichwa cha kukaza misuli, kinachobana pande zote kama kilemba kilichofungwa kwa nguvu, mara nyingi jioni baada ya kazi, kukosa usingizi au kuinama muda mrefu. Kuna kipandauso, ambacho aghalabu hushika upande mmoja, hugonga kwa kufuata mapigo ya moyo, huleta kichefuchefu, na humfanya mtu achukie mwanga na kelele. Na kuna kichwa cha sainasi, kinachokuja wakati wa mafua au baada yake: uzito kwenye mashavu na juu ya macho, maumivu yanayoongezeka ukiinama, pua iliyoziba na ute mzito.

Watu wengi wanaosema wana sainasi kwa kweli wana kipandauso. Namna ya kutofautisha si ngumu. Ikiwa pua inapitisha hewa vizuri, maumivu yanakuja na kuondoka kila baada ya wiki kadhaa, na yanaambatana na kichefuchefu, hicho si kichwa cha sainasi hata kama kinauma juu ya jicho. Tofauti hii ina maana kubwa hapa, kwa sababu mvuke unaweza kumpa nafuu mwenye pua iliyoziba, ilhali joto na harufu kali vinaweza kumwongezea maumivu mwenye kipandauso.

Kisha kuna vichwa visivyosubiri dawa yoyote ya nyumbani. Kichwa kilichoanza ghafla na kufikia kilele chake ndani ya dakika moja hivi. Kichwa chenye shingo ngumu, degedege au kuchanganyikiwa. Kichwa kinachokuja na udhaifu wa mkono au mguu, mdomo kwenda upande, au usemi kuvurugika. Kichwa baada ya kuanguka au kupigwa. Kichwa kipya kabisa kwa mtu aliyepita miaka 50, au kwa mtu anayeishi na VVU. Kichwa chenye homa kwenye eneo la malaria nacho kinahitaji kipimo cha haraka siku hiyohiyo, si kesho baada ya kupiga nyungu. Jasho halitoi vimelea vya malaria kwenye damu, na malaria kali inaweza kumfikisha mtoto kwenye kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili.

Mvuke: beseni mezani au nyungu ndani ya blanketi

Kujifukiza ni desturi ya zamani, na mwaka 2020 korona ilipoingia nyungu zilirudi kwa nguvu Tanzania. Lakini jina hilo moja linabeba vitu viwili vilivyo tofauti sana kwa hatari, na inafaa viwekwe bega kwa bega.

Cha kwanza ni beseni la mezani. Chemsha maji kama lita moja, yaepue motoni, yaache dakika tano yapoe kidogo. Yamimine kwenye bakuli zito lenye kitako kipana, liwe limeshawekwa katikati ya meza imara, si kwenye mapaja, si kwenye stuli, wala si kitandani. Kaa kitini, fumba macho, weka uso umbali wa sentimita 30 hivi, jifunike kichwa na mabega kwa taulo jepesi, kisha vuta hewa kwa pua taratibu kwa dakika tano mpaka kumi. Mvuke ukiuma usoni, uko karibu mno. Mara moja au mbili kwa siku inatosha.

Cha pili ni nyungu yenyewe: chungu au sufuria ya lita tano na kuendelea, imejaa majani, inawekwa sakafuni katikati ya miguu ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, naye anafunikwa blanketi zito mpaka chini. Mtu haoni chungu kilipo, miguu yake iko sentimita chache kutoka kwenye maji yaliyotoka kuchemka, na nafasi ya kujitoa haraka hakuna. Akikohoa, akipepesuka au akivuta blanketi, chungu kinapinduka. Majeraha makubwa ya kujifukiza kwa kawaida hayatoki kwenye mvuke. Yanatoka kwenye maji yaliyomwagika, na yanakaa kwenye mapaja, sehemu za siri na miguu. Maji ya nyuzijoto 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na ya nyuzijoto 70 hayahitaji hata sekunde mbili. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi.

Kwa manufaa, tofauti kati ya njia hizi mbili ni ndogo. Madaktari wa Uingereza walitoa mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 871 wenye matatizo ya sainasi ya muda mrefu, ukilinganisha mvuke na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Waliovuta mvuke walipungukiwa na maumivu ya kichwa, lakini dalili nyingine hazikubadilika kwa kiasi cha maana. Kuosha pua ndiko kulikopunguza dalili za sainasi zenyewe. Na mvuke uliotumika ulikuwa wa beseni na taulo, si wa blanketi. Kwa hiyo anayetaka nafuu ya pua na kichwa anaipata mezani, na akiingia ndani ya blanketi anachoongeza ni jasho na hatari ya kuungua.

Jasho lenyewe lina gharama. Joto hupanua mishipa ya damu, maji yanatoka mwilini, na mtu anapoinuka ghafla shinikizo la damu linashuka na macho yanaona giza. Mwenye dawa za presha, hasa zile za kukojoa, huanguka kwa urahisi zaidi. Na kama kichwa kilitokana na jua na kiu, nyungu inaongeza chanzo cha ugonjwa badala ya kukiondoa. Anayeumwa kichwa baada ya siku nzima shambani au kijiweni anahitaji glasi mbili za maji, kivuli na mapumziko ya saa moja kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Majani yana nafasi gani basi? Mkaratusi una mafuta yenye harufu ambayo humfanya mtu ahisi pua imefunguka, na mnanaa hivyohivyo: unaamsha hisia ya ubaridi puani hata kama njia ya hewa haijapanuka. Hisia hiyo inatuliza, na si kitu cha kudharau. Majani matatu manne ya mkaratusi, au kishina kimoja cha mchaichai, yanatosha kwa lita moja. Kujaza chungu majani ya aina saba hakuongezi nguvu, kunaongeza tu uwezekano wa kuingiza jani lisilojulikana. Pilipili isiwekwe kamwe, na mnyaa usikaribie chungu wala mikono inayochuma majani, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kuliharibu vibaya. Mwenye pumu aache harufu zote kali. Akitaka mvuke, atumie maji matupu, na aache mara kifua kinapoanza kubana.

Watoto wasifukizwe kwa beseni wala kwa nyungu. Mtoto hatulii, na dakika moja ya kugeuka kutafuta kanga inatosha chungu kupinduka. Kwa mtoto mwenye pua iliyoziba, matone ya maji ya chumvi puani na kunyonyeshwa au kunyweshwa mara kwa mara vinafanya kazi yote ambayo mvuke ungefanya.

Mtu akiungua, eneo hilo limwagiliwe maji safi ya bomba au ya ndoo, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 bila kukatiza, huku nguo na pete zikivuliwa kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta vyote vinaziba joto ndani na kumpa muuguzi kazi ya kuvibandua kwenye kidonda. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya.

Moshi na jiko la mkaa: kichwa kinachotibiwa kwa kinachokisababisha

Hii ndiyo njia tunayoiogopa kuliko zote, na ndiyo inayotajwa kidogo. Wengine huingiza jiko la mkaa ndani ya chumba ili chungu kisipoe, au hufukiza ubani, udi na majani makavu juu ya makaa huku dirisha limefungwa ili moshi usipotee. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua vizuri huku mwili wake ukikosa hewa.

Dalili yake ya kwanza ni maumivu ya kichwa. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito na kulegea. Mgonjwa anasema kichwa hakijaisha, anaongezewa mkaa, na hali inakuwa mbaya zaidi. Harufu nzuri ya ubani haisaidii kugundua chochote, maana inafunika hata ile harufu ndogo ya moshi ambayo ingemwamsha mtu.

Kuna namna ya kushuku. Kichwa kinauma watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Kinapungua wakitoka nje na kurudi wakiingia. Kinawashika asubuhi baada ya kulala na jiko ndani, hasa msimu wa baridi Njombe, Mbeya au Limuru. Hapo tiba ni kumtoa kila mtu nje mara moja, kufungua milango, na kumpeleka hospitali yeyote aliyelegea, aliyezimia au aliye mjamzito, kwa sababu mtoto tumboni huathirika zaidi. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri hata wakati mtu ana sumu hii, kwa hiyo kisiwatulize. Mwambieni daktari moja kwa moja kwamba kulikuwa na mkaa ndani.

Ubani wa kunukiza nyumba, dirisha likiwa wazi na chetezo kikiwa mbali na kichwa, ni jambo jingine, ingawa mwenye kipandauso au pumu afadhali akae chumba cha pili. Kuhusu mnanaha, mmea wenye sumu ambao si mnanaa, na ambao moshi wa majani yake makavu wengine huuvuta kwa ajili ya kifua na kichwa, jibu ni moja: uachwe. Mmea huo hukausha mdomo, hupanua mboni za macho, huharakisha moyo na kumfanya mtu aone na kuongea na watu wasiokuwepo. Kiasi cha sumu kinatofautiana kati ya mmea mmoja na mwingine, kwa hiyo hakuna kipimo kinachoweza kuaminiwa.

Kikombe: tangawizi, mchaichai, kahawa, mwarobaini

Kati ya vinywaji, tangawizi ndiyo yenye hoja ya kweli kwa kichwa. Utafiti uliofanywa Iran na kutolewa mwaka 2014 ulilinganisha miligramu 250 za unga wa tangawizi na kidonge cha sumatriptani, dawa maalumu ya kipandauso, na nafuu baada ya saa mbili ilikaribiana. Utafiti huo haukuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa ndani ili kulinganisha, kwa hiyo tusiuzidishie sifa. Hata hivyo tangawizi hupunguza kichefuchefu, jambo ambalo kwa mwenye kipandauso ni nusu ya mateso.

Tumia robo kijiko cha chai cha unga, au kipande kibichi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kiponde, kitie kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika kumi, kisha unywe mapema kichwa kinapoanza, si kikishakomaa. Vikombe viwili vitatu kwa siku havina neno kwa watu wengi. Kiungulia ndicho kinacholalamikiwa zaidi. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asigeuze tangawizi kuwa dawa ya kila siku bila kumweleza daktari wake.

Mchaichai ni kinywaji kizuri na salama, na faida yake kubwa kwa kichwa ni yale maji yenyewe. Kahawa na chai ya rangi zina kafeini, ambayo huongeza nguvu ya dawa za maumivu na kwa wengine hukata kipandauso kinachoanza. Lakini anayekunywa kila siku akiacha ghafla, kichwa humshika ndani ya siku moja au mbili. Wanywaji wa kahawa Mombasa na Zanzibar wanakijua kichwa cha siku za mwanzo za Ramadhani. Wengi hukihesabu kuwa ni njaa, na njaa na kiu zina sehemu yake, ila sehemu kubwa mara nyingi ni kafeini. Kupunguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, kuanzia wiki moja au mbili kabla ya mfungo, kunasaidia kuliko jani lolote litakalotafutwa baadaye.

Mwarobaini uko upande mwingine wa mizani. Hupewa mwenye kichwa kwa sababu kichwa hudhaniwa ni malaria, na uchungu wake huchukuliwa kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Hautibu malaria kwa kiwango cha kutegemewa, na kila siku inayopotea kwenye kikombe chake ni siku ya kuchelewa kupimwa na kupata dawa ya mseto. Unaweza pia kushusha sukari ya mtu anayetumia dawa za kisukari, na haufai kwa mjamzito. Mafuta ya mbegu zake yasiingie kinywani mwa mtoto mchanga hata kidogo: watoto waliopewa wamepata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini, na wengine wamekufa. Hali ni hiyohiyo kwa mafuta ya mkaratusi na kwa kafuri. Hivi hunuswa au hupakwa kwa uangalifu, havinywewi. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea mtoto degedege.

Kisha kuna chupa isiyo na jina, inayouzwa kwenye basi au sokoni kwa sifa ya kuondoa kichwa, mgongo na miguu papo hapo. Majani huwa hayafanyi hivyo. Dawa ya mitishamba inayokata maumivu makali ndani ya nusu saa, kila mara, bila kukosea, ishukiwe kuwa imechanganywa na vidonge vya maumivu vilivyosagwa au steroidi. Kuchanganya kwa namna hiyo kumegunduliwa katika nchi nyingi. Dalili zake ni uso kuvimba na kuwa wa mviringo, njaa isiyo ya kawaida, vidonda vya tumbo, presha kupanda, na kichwa kinachorudi kila siku mtu akiacha. Hilo la mwisho linatokea hata kwa vidonge vya dukani: anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa yenyewe. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, na muuzaji halali anaweza kuonyesha usajili wake. Asiyeweza, chupa yake ibaki mezani kwake.

Ngozi: njia yenye hatari ndogo kuliko zote

Kwa kichwa cha kukaza misuli, hapa ndipo tungeanzia. Mafuta ya mnanaa ya asilimia 10 yalijaribiwa Ujerumani miaka ya 1990 dhidi ya gramu moja ya parasetamoli, na nafuu haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Nyumbani changanya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mnanaa na vijiko tisa vya mafuta ya nazi. Paka kiasi kidogo kwenye paji la uso na kwenye panja, rudia baada ya dakika 15 na tena baada ya dakika 30. Nawa mikono kabla ya kugusa macho. Jaribu kwanza kwenye mkono kwa siku moja. Usimpake mtoto mdogo usoni wala karibu na pua, kwani kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mentholi inaweza kumkaba pumzi.

Karafuu zilizosagwa na kubandikwa kwenye paji la uso, kama wafanyavyo wengi Pemba na Unguja, huleta joto na ganzi kidogo na hazina shida kubwa. Shida iko kwenye mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa, ambayo huchoma ngozi. Majani ya mbarika yaliyofungwa kichwani hayadhuru, lakini mbegu za mti huohuo ni sumu kali, kwa hiyo matunda yake yasiingie nyumbani kwenye watoto. Kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 ndani ya chumba chenye giza ni tiba nzuri ya kipandauso kuliko nyungu. Kuchuliwa shingo na mabega polepole kunasaidia kichwa cha kukaza, ila kupinda shingo mpaka ilie kusiruhusiwe.

Pua na wembe

Matone ya kitunguu saumu, tangawizi mbichi au maji ya mizizi yanayotiwa puani husifiwa kwa sababu baada yake kamasi nyingi hutiririka na mgonjwa huambiwa uchafu wa sainasi umetoka. Kamasi hiyo ni pua iliyochomwa inayojitetea. Hutengenezwa pale pale, na utando wa ndani hubaki na kidonda. Ugoro nao hutoa machozi na chafya, huacha nikotini mwilini, na kichwa hurudi.

Kinachoweza kutiwa puani kwa usalama ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka uvuguvugu. Inama juu ya sinki, mimina taratibu tundu moja, yatoke jingine. Yakiuma, chumvi imezidi au imepungua. Maji yasiyochemshwa yasitumike, kwa kuwa yana vijidudu ambavyo tumbo huvimudu lakini pua haivimudu.

Chale kwenye paji la uso na kuumika kwa wembe havina kipimo salama cha nyumbani. Virusi vya homa ya ini aina ya B hudumu kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi, kwa hiyo wembe uliofutwa kwa kitambaa si wembe safi, na pembe au kikombe cha kuumika vilevile. Unga unaosuguliwa ndani unaweza kubeba pepopunda. Nafuu anayoihisi mtu ni maumivu mapya kufunika ya zamani kwa muda. Anayeona ni lazima aumikwe, basi wembe ufunguliwe kutoka kwenye karatasi mbele yake na vikombe viwe vya kutupwa. Kwa mjamzito, mwenye upungufu wa damu na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, jibu ni hapana.

Mfano mmoja

Chukua mama wa miaka 34 mwenye mafua ya siku sita. Mashavu mazito, kichwa kinauma juu ya macho akiinama kufagia, pua imeziba, hana homa, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Huyu ana kichwa cha sainasi. Anaosha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, anakaa kwenye beseni la mezani dakika tano kabla ya kulala, na akizidiwa anameza parasetamoli miligramu 1000, isizidi gramu nne kwa siku. Anakunywa mchaichai apendavyo. Kwa kawaida hali hupungua siku chache zinazofuata. Zikipita siku kumi bila nafuu, au akipata nafuu kisha akarudi nyuma na homa, au jicho likivimba, anakwenda kituo cha afya.

Sasa badilisha jambo moja tu: ana mimba ya wiki 32. Majani yale yale, beseni lile lile, lakini hatua ya kwanza si beseni tena. Baada ya wiki 20 za mimba, kichwa kikali kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia, hasa kikija na macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba. Apimwe presha siku hiyohiyo. Ikiwa 140/90 au zaidi, anahitaji hospitali, na mkojo wake upimwe protini. Presha ikiwa sawa na kichwa kikawa kweli cha mafua, maji ya chumvi na parasetamoli vinabaki, nyungu ya blanketi inaondolewa kabisa kwa ajili ya joto na kuzirai, na mwarobaini hauguswi.

Na mtu aliyekwisha kunywa au kuvuta kitu kisha akaanza kutapika mfululizo, kuweweseka, kupata degedege au kusinzia asiamke vizuri, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa. Alazwe kwa ubavu, apelekwe hospitali, na aliyempeleka abebe chupa, unga au majani yaliyobaki, pamoja na tawi la mti wenyewe kama linapatikana, likiwa na ua au tunda. Daktari hatambui mti kwa maji yake ya kijani, na jina moja la kienyeji mara nyingi ni la miti miwili au mitatu.